Ikoni za Mac zinapojificha nyuma ya kamera

Fundi wa video anayefanyia kazi nyumbani kwake Goba anaweza kumaliza bando la siku nzima bila kujua limeliwa na nani. Asubuhi amenunua GB za kutosha, amewasha hotspoti ya simu, ameunganisha MacBook yake na kuanza kukata video ya sendofu ya Jumamosi. Kabla ya adhuhuri ujumbe wa mtandao unaingia kwenye simu: salio la data limekwisha. Hajapakua filamu wala hajaangalia mpira. Mla bando ni Google Drive, ambayo tangu kompyuta iwashwe imekuwa ikipandisha mtandaoni folda ya video mbichi, kimyakimya. Ikoni yake ingeonyesha kwamba kazi hiyo inaendelea, na kwa mibofyo miwili mitatu angeisitisha. Tatizo ni kwamba ikoni hiyo haionekani. Ipo, programu inafanya kazi, lakini imeangukia sehemu ya juu ya kioo ambako kamera imekaa.

Malalamiko ya aina hii ni ya kawaida kwa wenye MacBook za miaka ya karibuni, na wengi huyatafutia dawa isiyo yake. Mmoja anaona ikoni ya VPN haipo, anadhani programu imeharibika, anaifuta na kuipakua upya. Mwingine anasakinisha programu ya ofisini, haoni chochote kikitokea juu ya skrini, anaisakinisha mara ya pili na ya tatu. Kila jaribio linakula data, na ikoni inaendelea kukaa palepale pasipoonekana.

Chanzo ni umbo la kioo chenyewe. Oktoba 2021 Apple ilitoa MacBook Pro za inchi 14 na 16 zenye kipande cheusi kilichoingia ndani ya skrini katikati ya ukingo wa juu, ndicho kinachoitwa nochi. Humo imo kamera. Mwaka 2022 MacBook Air yenye chipu ya M2 ikafuata mkondo huohuo, na tangu hapo Air na Pro mpya zimekuja nacho. Air ya M1 ya mwaka 2020, ambayo bado inauzwa sana kama mtumba, haina nochi. Vivyo hivyo MacBook Pro za inchi 13, za M1 na M2. Anayenunua Mac iliyotumika anaweza kuutambua mtindo kwa kubofya nembo ya tufaha juu kushoto na kuchagua About This Mac, ingawa kwa hili hata macho yanatosha.

Upau wa menyu, yaani ule mstari wa juu, hupita kushoto na kulia kwa kamera. Kushoto hukaa majina ya menyu za programu inayotumika wakati huo: File, Edit, View na nyinginezo. Kulia hukaa ikoni, na zenyewe hujipanga kuanzia kwenye saa kuelekea katikati. Kila ikoni mpya inapoingia, aghalabu hukaa mwisho wa foleni upande wa kushoto, jirani kabisa na kamera. Foleni ikirefuka hadi kuigusa kamera, ikoni za mwisho hazionyeshwi. Windows ina kishale kidogo cha kufungulia ikoni zilizobanwa, lakini macOS haikuwekewa kitu kama hicho. Haionyeshi alama kwamba kuna vilivyofichika, wala haitoi onyo.

Ndiyo maana programu iliyosakinishwa leo ndiyo yenye hatari kubwa ya kupotea leo.

Kuna sababu ya pili ambayo wengi hawaijui. Menyu za kushoto nazo zikiwa nyingi huruka kamera na kuendelea upande wa pili, na zikifika huko zinapewa kipaumbele kuliko ikoni. DaVinci Resolve, inayotumiwa sana na wakataji wa video, ina menyu 14 ukihesabu na jina lake, kuanzia File na Edit hadi Fairlight, Workspace na Help. Kwenye skrini ya inchi 14 menyu hizo haziwezi kuenea zote kushoto. Jambo hili lilijulikana mapema: mwezi uleule wa Oktoba 2021, Quinn Nelson wa chaneli ya Snazzy Labs alirekodi na kusambaza video fupi zilizoonyesha ikoni zikimezwa na kamera, na menyu za toleo la zamani la DaVinci Resolve zikivamia upande wa ikoni. Miaka imepita na menyu ndefu bado zinasukuma ikoni nje.

Kujua ni sababu ipi

Kabla ya kugusa mpangilio wowote, inafaa kujua kama ikoni imefukuzwa na menyu ndefu au na wingi wa ikoni wenzake. Jaribio lake ni jepesi. Mtumiaji abofye mahali patupu kwenye eneo la kazi, pale penye picha ya mandhari, ili Finder ndiyo iwe programu ya mbele. Finder ina menyu saba fupi tu na hazifiki kwenye kamera. Ikoni iliyopotea ikijitokeza hapo, mkosaji alikuwa menyu za programu iliyokuwa mbele. Isipojitokeza, yaelekea ikoni ni nyingi kuliko nafasi.

Jaribio la pili ni kuunganisha skrini ya nje au hata televisheni ya sebuleni. MacBook Pro za inchi 14 na 16 zina tundu la HDMI, na Air inahitaji adapta ya USB-C. Skrini ya nje haina kamera iliyoingia ndani, kwa hiyo upau wake wa menyu ni mnyoofu mwanzo hadi mwisho, na kwa kawaida ikoni zote huonekana. Zikionekana huko, mtumiaji ana uhakika kwamba programu zake ni nzima na hakuna cha kusakinisha upya.

Asiye na skrini ya pili afungue Activity Monitor, iliyomo kwenye folda ya Utilities ndani ya Applications. Sehemu ya Network inaorodhesha kila programu na kiasi cha data ilichotuma na kupokea. Akibofya kichwa cha safu ya Sent Bytes, inayotuma zaidi inapanda juu. Fundi wa Goba angeiona Google Drive imekaa kileleni hata kama ikoni yake haionekani popote, na angejua nani wa kudai.

Hesabu ya nafasi

Tuichukue Mac ya inchi 14 ya fundi huyo na kuipigia hesabu. Katika mpangilio wa kawaida upana wa skrini yake ni pointi 1512, pointi ikiwa kipimo ambacho macOS hutumia kupangia vitu kwenye skrini. Kamera inachukua karibu pointi 185 katikati. Kila upande unabakiwa na takribani 660.

Ikoni moja ya kawaida, pamoja na nafasi inayoizunguka, hula karibu pointi 38. Saa ikionyesha siku, tarehe na muda hula kama 130. Maana yake, ukiondoa saa, upande wa kulia unabeba ikoni 13 au 14 hivi kabla ya kugonga kamera. Hayo ni makadirio, kwa kuwa ikoni hazilingani upana, lakini yanatosha kupangia.

Sasa tuhesabu alizonazo. Za mfumo wenyewe ni Control Center, Wi-Fi, betri, Bluetooth, sauti, Spotlight, Time Machine na lugha ya kibodi: nane. Za programu za nje ni Google Drive, Dropbox, Creative Cloud, Zoom, VPN, Rectangle ya kupangia madirisha, Maccy ya kutunza maandishi yaliyonakiliwa, na iStat Menus ya kupimia joto na kasi: nane nyingine. Jumla ni ikoni 16, sawa na pointi 608. Betri inaonyesha asilimia, hivyo imeongeza kama 25. iStat Menus inaonyesha grafu na namba, imeongeza kama 60. Ukijumlisha na saa, foleni inahitaji zaidi ya pointi 820, na nafasi ni 660. Hata Finder ikiwa mbele, ikoni nne au tano za mwisho hazina pa kukaa. Akifungua DaVinci Resolve, menyu zake zikala pointi 200 nyingine upande wa kulia, karibu nusu ya foleni inatoweka.

Dawa ya kwanza: nani akae kulia

Kwa kuwa foleni inakatwa kushoto, ikoni iliyo karibu na saa ndiyo salama zaidi. Hivyo hatua ya kwanza haihitaji kuondoa chochote. Mtumiaji abonyeze na kushikilia kitufe cha Command, kisha aiburute ikoni anayoitaka kuelekea kulia, aiachie jirani na Control Center. Mac huukumbuka mpangilio huo hata baada ya kuzimwa na kuwashwa.

Kwa anayetegemea hotspoti ya simu, zinazostahili kukaa kulia kabisa ni zile zinazogusa data na umeme: Google Drive au Dropbox, Wi-Fi, betri. VPN nayo iwe karibu. TCRA ilitangaza Oktoba 2023 kwamba wanaotumia VPN nchini watoe taarifa zao kwake, na tangu hapo kujua kama VPN imewashwa au imezimwa ni jambo la kuliona kwa macho, si la kukisia.

Ugumu ni mmoja: ikoni isiyoonekana haiburutwi. Kwa hiyo kwanza itengenezewe njia. Mtumiaji ailete Finder mbele, afunge kwa muda programu mbili tatu zenye ikoni pana, na iliyofichika itasogea na kutokea. Hapo aiburute hadi kulia, halafu azifungue tena zile alizofunga. Mwenye skrini ya nje anaweza kuiburutia huko, na mpangilio utabaki hivyo hata atakapochomoa waya.

Dawa ya pili: kupunguza

Ikoni nyingi za mfumo zinarudia vitu vilivyomo ndani ya Control Center. Bluetooth imo humo. Sauti imo humo, na tena ina vitufe vyake kwenye kibodi. Spotlight inafunguliwa kwa Command na kitufe cha nafasi. Hizi tatu zikiondoka juu ya skrini hakuna kinachopotea.

Njia ya haraka ya kuiondoa ikoni ya mfumo ni kushikilia Command, kuiburuta chini nje ya upau hadi alama ya kufuta itokee, kisha kuiachia. Njia ya utulivu ni kupitia mipangilio, na hapa jina la mahali linategemea toleo la macOS. Kwenye Monterey ni Dock & Menu Bar. Kuanzia Ventura hadi Sequoia ni System Settings, kisha Control Center, ambako kila kipengele kina chaguo la kuonyeshwa, kutoonyeshwa, na baadhi kuonyeshwa pale tu kinapotumika. Kwenye Tahoe, iliyotoka Septemba 2025, sehemu hiyo inaitwa Menu Bar. Ikoni ya lugha ya kibodi ina mahali pake: System Settings, Keyboard, kisha kitufe cha Edit kwenye Input Sources, ambako swichi ya Show Input menu in menu bar huzimwa.

Ikoni za programu za nje zina ubishi wake. Nyingi ukizivuta nje zinarudi zilipokuwa, kwa sababu aliyeitengeneza programu hakuruhusu iondolewe hivyo. Kwanza mtumiaji atazame mipangilio ya programu yenyewe. Rectangle, kwa mfano, ina chaguo la kuficha ikoni, na inaendelea kupanga madirisha kwa njia za mkato za kibodi kama kawaida. Pili ajiulize kama programu inapaswa kuwa wazi muda wote. Zoom inahitajika siku ya kikao. Creative Cloud hupenda kuwaka pamoja na kompyuta. Orodha ya zinazojiwasha zenyewe iko System Settings, General, Login Items, ambayo kwenye Sequoia na Tahoe inaitwa Login Items & Extensions.

Tahoe imeongeza kitu kilichosubiriwa muda mrefu. Kwenye ukurasa wa Menu Bar kuna orodha ya programu za nje zenye ikoni, kila moja na swichi yake. Swichi ikizimwa ikoni inaondoka, lakini programu inaendelea kufanya kazi. Ni msaada mkubwa kwa ikoni za ubishi, na pia ni chanzo kipya cha kuchanganyikiwa: kwenye Tahoe, ikoni isiyoonekana huenda haikumezwa na kamera, bali imezimwa kwenye orodha hiyo. Mac zote zenye nochi zinaweza kupandishwa hadi Tahoe bila malipo, ila upakuaji wake ni wa GB nyingi. Ungojee mtandao wa ofisini au wa kebo, usifanywe kwa bando la simu.

Saa nayo ni mla nafasi mkubwa. Kwenye Clock Options, tarehe inaweza kuwekwa Never, siku ya wiki ikazimwa, au saa ikabadilishwa kutoka Digital kwenda Analog ikawa kiduara kidogo cha mishale. Mabadiliko hayo ya mwisho pekee yanarudisha kama pointi 100. Tarehe haipotei: ukiibofya saa, paneli ya arifa inafunguka, na wijeti ya kalenda humo huionyesha.

Turudi kwenye Mac ya Goba. Bluetooth, sauti, Spotlight, Time Machine na lugha ya kibodi zimeondolewa: pointi 190 zimerudi. Zoom na Creative Cloud hazijiwashi tena: 76. Saa imekuwa ya mishale: 100. iStat Menus imebakizwa na ikoni moja isiyo na grafu: 60. Foleni iliyohitaji pointi 820 sasa inahitaji karibu 400. DaVinci Resolve hata ikila 200 upande wa kulia, zinabaki 460. Ikoni zote tisa zinaonekana, na hakuna programu ya kuongeza iliyonunuliwa.

Dawa ya tatu: kubana nafasi

Kuna wasioweza kupunguza. Mhasibu anayehudumia ofisi nne huenda ana programu ya mbali, VPN mbili na hifadhi tatu za mtandaoni, na zote anazihitaji. Huyu anaweza kubana nafasi iliyopo kati ya ikoni na ikoni. Mpangilio huo haumo kwenye System Settings, unaandikwa kwenye Terminal:

```
defaults -currentHost write -globalDomain NSStatusItemSpacing -int 8
defaults -currentHost write -globalDomain NSStatusItemSelectionPadding -int 6
```

Amri ya kwanza inapunguza nafasi kati ya ikoni, ya pili inapunguza kivuli kinachotokea pembeni mwa ikoni inapobofywa. Baada ya kuziandika, mtumiaji atoke kwenye akaunti yake na kuingia tena. Asipofanya hivyo, ikoni nyingine zitabadilika na nyingine zitabaki na nafasi ya zamani, na upau utaonekana kama umeharibika. Namba ikishushwa sana ikoni zinagusana na kidole kinabofya jirani, kwa hiyo ni busara kuanza na 10 au 8 na kuangalia. Kurudi kwenye hali ya kawaida ni amri mbili pia:

```
defaults -currentHost delete -globalDomain NSStatusItemSpacing
defaults -currentHost delete -globalDomain NSStatusItemSelectionPadding
```

Kwa namba 8 kila ikoni inarudisha pointi kadhaa, na foleni ya ikoni 14 inapata nafasi ya tatu au nne zaidi. Udhaifu wake ni kwamba Apple haijauweka mpangilio huu kwenye mipangilio ya kawaida, hivyo toleo lolote la mbele linaweza kuupuuza.

Dawa ya nne: kuushusha upau chini ya kamera

Asiyetaka kuhesabu ikoni anaweza kuikwepa kamera kabisa. Aingie System Settings, Displays, kisha Advanced, awashe Show resolutions as list. Akirudi kwenye orodha awashe Show all resolutions. Kwenye inchi 14 atakuta 1512 × 982, ambao ndio wa kawaida, na 1512 × 945. Akichagua wa pili, mstari wa juu wenye kamera unakuwa mweusi mtupu na upau wa menyu unashuka chini yake, mnyoofu kama wa Mac za zamani.

Anapoteza pointi 37 za urefu. Anapata zile 185 za katikati, sawa na ikoni nne au tano. Kwa anayeandika barua au kujaza majedwali hasara hiyo haihisiwi. Kwa anayekata video, ambaye kila mstari wa timeline una thamani, inahisiwa. Na ijulikane kwamba hata hapa ikoni zikikutana na menyu ndefu bado zitafichwa. Kilichoondoka ni kamera tu.

Kwenye ukurasa huohuo wa Displays kuna uwezekano wa kwenda kinyume: kuchagua More Space, ambayo kwenye inchi 14 ni 1800 × 1169. Kila kitu kinakuwa kidogo, na kila upande wa kamera unaongezeka zaidi ya pointi 100. Macho yenye nguvu yatafurahia. Mwenye kuvaa miwani ajaribu kwa siku moja kabla ya kuamua.

Ipo pia njia ya programu moja moja, ambayo Apple iliieleza mwezi uleule nochi ilipotoka. Programu ifungwe kabisa, itafutwe kwenye Finder ndani ya Applications, ichaguliwe, kisha Get Info. Kwenye dirisha linalotokea, baadhi ya programu zina kisanduku cha Scale to fit below built-in camera. Kikiwekwa alama, kila programu hiyo inapofunguliwa skrini hushuka chini ya kamera, pamoja na madirisha mengine yaliyo eneo moja nayo, hadi itakapofungwa. Kisanduku kisipokuwepo, hakuna kilichoharibika. Watengenezaji wengi wamekwisha kuzirekebisha programu zao zitambue kamera, na hizo hazipewi chaguo hilo.

Programu za kusaidia, na bei yake isiyoandikwa

Wengi huanzia hapa, na hapa ndipo panapofaa kufikiwa mwisho. Hidden Bar ya Dwarves Foundation ni ya bure. Inaweka alama kwenye upau, na ikoni zilizo kushoto kwa alama hiyo husukumwa nje mpaka mtumiaji azihitaji. Inafaa kuficha zisizotumika. Haifai kufichua zilizomezwa, kwa sababu ukizifungua zinarudi kwenye mstari uleule, na zisipoenea zinaishia palepale nyuma ya kamera.

Zinazotatua tatizo lenyewe ni zile zinazoonyesha ikoni zilizofichwa kwenye mstari wa pili chini ya upau. Ice, ambayo ni ya bure na msimbo wake uko wazi, ina kipengele hicho kwa jina la Ice Bar. Bartender, ya kulipia, ina chake. Lakini ili programu kama hizi zisogeze na kuchora ikoni za wengine, zinaomba ruhusa mbili nzito: Accessibility na Screen Recording. Ya pili inaziwezesha kuona kilichopo kwenye skrini.

Uzito wa ruhusa hizo ulidhihirika Juni 2024. Watumiaji wa Bartender waligundua, baada ya programu ya MacUpdater kutoa tahadhari, kwamba cheti cha mtengenezaji kimebadilika. Ikabainika kuwa Ben Surtees, aliyeiunda, alikuwa ameiuza kwa kampuni ya Applause bila kuwatangazia. Haikuonyeshwa kwamba kuna mtu aliyedhuriwa, lakini wengi waliifuta, kwa kuwa programu yenye uwezo wa kuona skrini yao ilikuwa imebadilisha mmiliki wakiwa hawajui. Mhasibu anayefungua akaunti za benki za wateja kwenye Mac yake ana haki ya kulifikiria hilo kabla ya kubofya Allow. Pia aangalie kama toleo analopakua limetengenezwa kwa macOS aliyonayo, maana Tahoe iliubadilisha upau wa menyu na baadhi ya programu hizi ziliyumba.

Kwa mwenye Air au Pro anayefanyia kazi kwenye hotspoti, agizo ni fupi. Aanze kwa kuleta Finder mbele ili ajue mkosaji, aziburute ikoni za data kulia, aondoe zile zinazojirudia ndani ya Control Center, na aibane saa. Akimaliza hayo na foleni bado ni ndefu, abane nafasi kwa amri za Terminal au aushushe upau chini ya kamera. Programu ya nje inastahili pale tu hatua hizo zote zimeshindwa, na kwenye Mac isiyobeba siri za watu wengine. Na kabla ya kuwasha hotspoti kesho asubuhi, aibofye ikoni ya Google Drive, afungue gurudumu la mipangilio na kuchagua Pause syncing, kisha airuhusu tena akifika penye Wi-Fi isiyopimwa kwa GB.